Mteja yuko Hamburg, wewe uko Dar: jinsi ya kuishi na pengo la saa linalobadilika Machi na Oktoba

Nilianza kazi na mteja wangu wa Hamburg mwezi Novemba. Kikao cha timu kilikuwa kila Jumatatu saa 9:00 ya kwao, na kwangu hapa Dar es Salaam ilikuwa saa tano kamili asubuhi. Ikawa hivyo Desemba, Januari, Februari na karibu Machi yote, hadi saa tano ya Jumatatu ikaniingia mwilini kama saa ya chakula. Jumatatu ya mwisho wa Machi nikafungua kikao dakika mbili kabla ya saa tano, nikakuta watu wanaagana. Sehemu yangu ya taarifa ilikuwa imerukwa.

Hakuna aliyekuwa amenitumia ujumbe kwamba muda umebadilika, na hawakukosea. Kwao muda haukubadilika. Kikao kilikuwa saa 9:00 wiki ile kama wiki zote. Ulaya husogeza saa mbele kwa saa moja mwishoni mwa Machi na kuirudisha mwishoni mwa Oktoba, sisi hatusogezi. Kilichosogea ni pengo kati yao na mimi, na pengo halionwi na mtu aliyeko Hamburg; linaonekana na aliyeko Dar, Nairobi, Mombasa au Kampala. Kwa hiyo kazi ya kulilinda ni yetu. Mwongozo huu ni namna ninavyoifanya tangu siku ile.

Kabla hatujaendelea, tuelewane jambo moja la uandishi. Nikiandika kwa tarakimu, kama 10:00, hiyo ni saa inavyosomeka kwenye simu. Nikiandika kwa maneno, kama saa nne asubuhi, hiyo ni saa yetu ya Kiswahili. Utaona baadaye kwa nini kuzitenganisha ni muhimu.

Hatua ya 1: Ijue namba yako ya baridi na namba yako ya joto

Sisi tuko saa tatu mbele ya UTC, saa ya dunia ambayo nchi zote huhesabia zao, mwaka mzima. Hatuhitaji kusogeza saa kwa sababu jua letu halihami sana: huku karibu na ikweta linachomoza karibu na saa kumi na mbili asubuhi, na kati ya mwezi mmoja na mwingine tofauti haifiki saa nzima. Ndiyo maana hata saa ya Kiswahili, inayoanza kuhesabu alfajiri, inatufaa. Hamburg mambo ni mengine. Mwishoni mwa Desemba jua linachomoza baada ya 8:30, na Juni linachomoza kabla ya 5:00, tena hiyo ni baada ya saa kusogezwa mbele. Wanasogeza saa ili mwanga wa majira ya joto uangukie jioni watu wakiwa macho.

Kwa mteja wa Ujerumani, Ufaransa, Uholanzi, Italia, Hispania bara, Uswidi au Poland, pengo ni saa mbili wakati wa baridi na saa moja wakati wa joto. Kwa Uingereza, Ireland na Ureno bara ni saa tatu na saa mbili. Kwa Finland, Ugiriki na Rumania ni saa moja wakati wa baridi, na wakati wa joto hakuna pengo kabisa, saa yako na yao ni ileile. Hizi ni hesabu za Kenya, Tanzania na Uganda. Aliyeko Kigali, Bujumbura au Goma yuko saa moja nyuma yetu, kwa hiyo apunguze moja kwenye kila namba. Yeye na Ujerumani wanalingana wakati wa joto, ilhali Finland inakuwa saa moja mbele yake.

Mabadiliko hutokea mara mbili kwa mwaka: Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Kwa 2026 ni 29 Machi na 25 Oktoba. Kwa 2027 ni 28 Machi na 31 Oktoba. Nchi zote nilizotaja hubadili kwa dakika ileile, saa 1:00 ya UTC, ambayo kwetu ni saa kumi alfajiri. Faida ya hilo ni kwamba kama una mteja London na mwingine Hamburg, wao kwa wao hawaachani hata siku moja. Hasara ni kwamba jambo lenyewe linapita umelala, siku ya mapumziko, na unakutana nalo Jumatatu ukiwa na haraka.

Halafu kariri mwelekeo. Machi kazi inakujia mapema: kikao cha saa tano kinakuwa saa nne. Oktoba kazi inasogea mbele: cha saa nne kinarudi saa tano. Ukisahau Oktoba, utafika saa moja kabla na kukaa peke yako kwenye kikao kitupu, hasara ni ndogo. Ukisahau Machi, utakuwa umechelewa saa nzima mbele ya mteja. Nguvu zako za ukumbusho zielekeze Machi.

Hatua ya 2: Amua kila miadi inafuata saa ya nani

Hapa ndipo wengi wanaruka, na ndipo tatizo linapoanzia. Kila jambo linalojirudia kwenye wiki yako lina mwenyewe. Ama linafuata saa ya mteja, na wewe unahama mara mbili kwa mwaka, ama linafuata saa ya kwako, na mteja ndiye anayehama. Hakuna la tatu. Msipoamua, kila upande utadhani lake ndilo lililosimama.

Chukua karatasi uorodheshe wiki yako. Kwangu ilikuwa hivi. Kikao cha Jumatatu kinafuata Hamburg, kwa kuwa watu sita wako kule na mmoja yuko huku. Zamu ya kujibu wateja, 9:00 hadi 17:00, inafuata Hamburg vilevile, maana wateja wa mteja wangu ndio wanaopiga saa za kazi zao. Taarifa ya asubuhi nilikuwa naituma saa nne asubuhi ya kwangu, na hapo nikagundua kosa. Lengo la taarifa ile ni msimamizi aikute anapowasha kompyuta saa 8:30. Wakati wa baridi 8:30 yake ni saa nne na nusu kwangu, kwa hiyo nilikuwa na nusu saa ya akiba. Wakati wa joto 8:30 yake ni saa tatu na nusu, na taarifa yangu ilikuwa inafika nusu saa baada ya yeye kuketi. Taarifa nayo ikawa ya Hamburg.

Lakini si kila kitu kiwe cha mteja. Nina maongezi ya kila Alhamisi na mwenzangu wa Nairobi, tunagawana kazi. Sote wawili saa zetu hazihami, kwa hiyo hayo yanafuata Nairobi. Kumpeleka mwenzangu kwenye saa ya Hamburg ni kumhamisha bure mara mbili kwa mwaka.

Ukishaamua, iandike kwenye mkataba, au angalau kwenye barua pepe moja ambayo mteja ataijibu. Iandike kwa lugha mnayoitumia, maana yake iwe hii: "Saa za huduma ni 9:00 hadi 17:00 kwa saa za Hamburg, mwaka mzima. Kwangu hiyo ni 10:00 hadi 18:00 wakati wa joto na 11:00 hadi 19:00 wakati wa baridi." Sentensi ya pili si mapambo. Mteja akiisoma ndipo anapoelewa, mara nyingi kwa mara ya kwanza, kwamba miezi mitano ya mwaka unamaliza kazi saa moja usiku.

Hatua ya 3: Andika jina la mji, acha vifupisho

Mteja wa London akikuandikia mwezi Julai kwamba mkutane "10:00 GMT", usifungue kikokotoo. GMT yenyewe, ikichukuliwa kama ilivyo, ni saa tatu nyuma yetu, na 10:00 yake ni saa saba mchana. Ila Julai London haiko kwenye GMT, iko saa moja mbele yake. Mtu huyu anamaanisha 10:00 inayosomeka kwenye saa yake ya ukutani, ambayo kwako ni saa sita mchana. Wamezoea kuandika GMT mwaka mzima bila kufikiri, kama Wajerumani wanavyoandika CET, saa yao ya baridi, hata katikati ya Agosti, wakati saa yao ya Agosti ni CEST. Ukifuata herufi, utachelewa saa nzima, na yeye hataelewa umekosea wapi.

Jibu lake ni moja: rudisha ujumbe kwa jina la mji. "Sawa, Jumanne saa 10:00 ya London, ambayo ni 12:00 ya Dar es Salaam." Kama ulikosea, atakusahihisha hapohapo. Mji unajua majira yake, kifupisho hakijui.

Mtego wa pili ni wetu wenyewe. Nikimwambia mwenzangu kwa sauti "kikao saa tatu", yeye anaweza kuelewa saa tatu asubuhi yetu, yaani 9:00 ya Nairobi, ilhali mimi nimeitafsiri 9:00 ya Hamburg kichwani na kuiita saa tatu. Hapo tumeachana kwa saa moja au mbili kutegemea mwezi. Tulikubaliana hivi: maandishi yote ya kazi ni tarakimu zenye jina la mji, na saa ya Kiswahili inatumika kwa mdomo tu, tena kwa saa ya hapa nyumbani tu. Saa ya Hamburg haitafsiriwi kamwe kuwa "saa tatu" au "saa nane". Inabaki tarakimu.

Hatua ya 4: Funga miadi kwenye kalenda kwa mji wa mwenyewe

Kalenda ya simu inaweza kukufanyia hesabu yote, kwa sharti moja: iambie miadi ni ya mji gani. Ukiunda kikao kinachojirudia bila kugusa chochote, kalenda itakifunga kwenye saa za eneo la simu yako. Kikao cha 10:00 kitabaki 10:00 ya Dar Januari hadi Desemba, na mteja uliyemwalika ataona kikao kinamhama bila sababu anayoifahamu.

Kwenye Google Calendar, fungua miadi kwa kuihariri, kisha kando ya saa bonyeza `Time zone`. Chagua eneo la mteja. Hamburg haina eneo lake, Ujerumani yote inafuata ile yenye jina la Berlin, kwa hiyo tafuta hiyo. Weka 9:00, weka kijirudie kila Jumatatu, hifadhi. Kisha nenda kwenye mipangilio, washa `Display secondary time zone` na uweke Berlin humo, ili kwenye kompyuta uone safu mbili za saa kando kwa kando.

Sasa pima. Usiamini mpaka umepima. Sogeza kalenda hadi wiki ya Jumatatu 19 Oktoba 2026: kikao kionekane 10:00. Sogeza wiki moja mbele, Jumatatu 26 Oktoba: kionekane 11:00. Kikiruka namna hiyo, umekifunga sawasawa. Kikibaki 10:00 wiki zote mbili, umekifunga nyumbani, rudi ukarekebishe. Cha ajabu, kikao kilichofungwa vibaya ndicho kinachopendeza zaidi machoni, kwa sababu kimenyooka mwaka mzima. Miadi ya mteja wa Ulaya iliyonyooka mwaka mzima kwenye kalenda yako ni dalili ya kosa.

Fanya kipimo hicho hata kwa mialiko uliyotumiwa. Niliwahi kukuta mwaliko wa mwezi uliotengenezwa na mtu wa timu akiwa safarini nje ya Ulaya, na kalenda yake ikaufunga kule alikokuwa.

Kama unatumia kompyuta ya Linux na unataka kuhakikisha tarehe moja, amri hii inakupa jibu bila kubahatisha:

```
TZ=Africa/Nairobi date -d 'TZ="Europe/Berlin" 2026-10-26 09:00'
```

Itakujibu 11:00. Badili tarehe iwe 2026-10-19 nayo itakujibu 10:00. Jina `Africa/Nairobi` linafaa pia kwa Dar na Kampala, saa ni moja.

Hatua ya 5: Usisogeze saa ya simu kwa mkono

Nimeona watu wazuri wa kazi wakifanya hivi: Machi inapofika wanazima saa ya kujirekebisha, wanasogeza saa ya simu kwa saa moja ili "ilingane na Ulaya". Kesho yake namba za siri za tarakimu sita kutoka programu ya uthibitisho zinakataliwa, hawaingii kwenye mfumo wa mteja, wanadhani wamefungiwa akaunti. Namba hizo hutengenezwa kutokana na saa halisi ya simu, na kwa kawaida hubadilika kila sekunde 30. Simu iliyosogezwa saa nzima inatengeneza namba za wakati usio wake.

Ukitaka kuona saa ya Hamburg muda wote, ongeza saa ya pili kwenye simu, simu nyingi zina sehemu ya saa za dunia. Wengine hubadili saa za eneo za laptopu ya kazi kuwa Berlin na kuacha simu kwenye saa ya nyumbani. Hilo linakubalika, kwa sababu kubadili eneo hakugusi saa halisi iliyo chini yake, kunabadili inavyosomeka tu. Mimi sipendi, maana siku nikiunda miadi yangu ya hospitali kwenye laptopu ile inafungwa Berlin. Ila ni suala la mazoea.

Hatua ya 6: Wiki mbili kabla, ongea na mteja na nyumbani kwako

Katikati ya Machi na katikati ya Oktoba natuma ujumbe mfupi kwa mteja, siku ileile niliyoiweka kwenye kalenda. Maneno yake hayabadiliki sana: kuanzia Jumatatu tarehe fulani, huduma inabaki 9:00 hadi 17:00 ya Hamburg, na kwangu itakuwa kuanzia saa fulani hadi saa fulani, hakuna mnalotakiwa kubadili. Mteja aliye na watu nje ya Ulaya huukuta ujumbe huu una faida nyingine. Marekani wanabadili Jumapili ya pili ya Machi na ya kwanza ya Novemba, kwa hiyo kuna wiki mbili au tatu za Machi na wiki moja kuanzia mwishoni mwa Oktoba ambapo mikutano ya pande tatu inavurugika kabisa.

Nyumbani nako kunataka maongezi, tena mapema. Zamu ya wakati wa baridi inaisha saa moja usiku. Magharibi inakukuta bado kwenye kiti. Ramadhani inapoangukia kabla ya mwisho wa Machi, kama ya 2026, futari inaingia zamu haijaisha. Nilimwomba mteja dakika 30 za mapumziko kwenye muda huo na nikazifidia asubuhi. Alikubali bila shida kwa kuwa niliomba wiki tatu kabla, na nilimwandikia muda wenyewe kwa saa za Hamburg. Mwenye mtoto wa kuchukuliwa shule, au anayetegemea usafiri wa jioni, apange upya wiki hiyo, si Jumatatu yenyewe. Upande wa pili, majira ya joto yanakupa jioni huru ya kuanzia saa kumi na mbili, na mtu anayesoma masomo ya jioni ajue atayapoteza mwishoni mwa Oktoba kama hakuyapanga kuanzia saa moja na nusu.

Hatua ya 7: Hesabu saa za malipo kwa saa ya nyumbani

Hili linawahusu wanaofanya zamu za usiku, na linahusu fedha. Chukua zamu ya 22:00 hadi 06:00 ya Hamburg. Kwenye karatasi ni saa 8 kila usiku.

Usiku wa Jumamosi 24 Oktoba 2026, unaanza 22:00 ya Hamburg, ambayo bado ni ya majira ya joto, kwa hiyo kwako ni saa tano usiku. Katikati ya usiku, kule saa inafika 3:00 na kurudishwa 2:00, na saa moja inaishi mara mbili. Unamaliza 06:00 ya Hamburg, ambayo sasa ni ya baridi, na kwako ni saa mbili asubuhi. Hesabu kwa vidole: kutoka saa tano usiku hadi saa mbili asubuhi ni saa 9. Jedwali la mteja linalotoa 22:00 kutoka 06:00 litasema 8, na saa moja ya jasho lako itakuwa imepotea bila mtu kukusudia.

Machi ni kinyume. Usiku wa Jumamosi 28 Machi 2026 unaanza saa sita usiku ya kwetu na kumaliza saa moja asubuhi. Ni saa 7 tu. Jedwali litasema 8. Hapo uaminifu unakudai wewe useme, na ukiisema Machi, hakuna atakayekubishia Oktoba.

Kwa hiyo daftari langu la saa za kazi liko kwa saa ya Dar, ya kuanza na ya kumaliza, kila siku. Saa yetu haina usiku wenye shimo wala usiku wenye saa mbili zinazofanana, ukitoa moja kwenye nyingine unapata muda wa kweli. Kwenye ankara ya Oktoba naongeza mstari mmoja chini ya usiku ule: kuanza 23:00 Dar es Salaam, kumaliza 08:00 Dar es Salaam, saa 9, saa ya Ulaya ilirudishwa usiku huu.